Andika kwa Atakayesoma Mwakani

Karani mgeni akilipia mafuta ya gari la ofisi huandika kwenye hati ya malipo: “Mafuta, 120,000.” Siku hiyo kila mtu anaelewa. Mwakani mkaguzi atauliza: ya gari lipi, safari ipi, nani aliidhinisha? Hakuna atakayekumbuka.

Ndugu karani, andika hivi: “Dizeli lita 40 kwa shilingi 3,000, gari la ugavi, safari ya Dodoma tarehe 12 hadi 14 Machi, risiti namba 0457, hati namba 088.” Anayesoma apate jibu bila kukutafuta. Maneno kama “matumizi mengineyo” yaepuke; hayo ndiyo huficha makosa, na wizi pia.

Kisha viambatisho. Nyuma ya hati hiyo bana ombi la safari lililosainiwa, nakala ya ukurasa wa daftari la gari na risiti ya EFD. Linganisha tarehe, jina la mnunuzi na kiasi. Risiti ikisema 102,000 nawe umeandika 120,000, usiingize kitu hadi tofauti ijulikane. Tarakimu zilizopinduka huacha pengo linalogawanyika kwa tisa, na hapa ni 18,000.

Jambo moja hunisikitisha sana: risiti za EFD huchapwa kwenye karatasi ya joto, na maandishi yake hufifia. Sheria ya Tanzania inataka kumbukumbu za kodi zitunzwe angalau miaka 5. Toa nakala siku ileile, uibane pamoja na risiti yenyewe.