Kiyoyozi cha Sola na Ile Nusu Sekunde ya Kuwaka

Chukua duka la steshenari la chumba kimoja mjini Tanga, mita nne kwa nne, bati juu na dari ya jipsamu chini yake. Chumba hicho kinatosha kupozwa na kiyoyozi cha BTU 9,000, na kiyoyozi cha kawaida cha ukubwa huo, kikiwa kinafanya kazi, hula wati 850 hivi. Mwenye duka akipiga hesabu ataona inveta ya wati 1,500 inamtosha, tena na ziada. Anafungiwa mfumo. Taa zinawaka, kompyuta zinawaka, feni inazunguka. Siku anapobonyeza rimoti ya kiyoyozi, duka zima linazima.

Hesabu yake haikuwa na kosa ila moja: wati 850 ni matumizi ya kompresa iliyokwisha kushika kasi. Kompresa iliyosimama ni habari nyingine. Mota yake inatakiwa ianze kuzunguka kutoka sifuri huku ikisukuma gesi iliyo ndani ya mabomba, na kwa muda usiofika nusu sekunde hudai umeme mara nne hadi sita ya ule wa kawaida. Kwenye bandiko la kitengo cha nje mara nyingi utakuta herufi LRA na namba ya ampea mbele yake. Ikiwa namba hiyo ni 20, zidisha kwa volti 230 na utapata volti-ampea 4,600. Huo ndio mzigo ambao inveta inapaswa kuubeba bila kuanguka, hata kama ni kwa kufumba na kufumbua.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza hauhusu sola kabisa. Kama bado hujanunua kiyoyozi, nunua kile kinachoitwa kiyoyozi cha inveta. Hapa inveta si ile ya kufungwa ukutani pamoja na betri. Ni saketi iliyo ndani ya kiyoyozi chenyewe, inayobadilisha kasi ya kompresa. Kompresa yake haigutuki. Huanza polepole, hupanda kwa dakika moja au mbili, hufika labda wati 1,000 chumba kikiwa na joto kali, kisha hushuka hadi wati 300 au 450 chumba kikishapoa, na hubaki hapo bila kuzima na kuwaka kila mara. Tofauti ya bei dukani hurudi haraka, kwa sababu sehemu zote nyingine za mfumo zinaweza kuwa ndogo.

Aliyekwisha kununua cha kawaida naye ana njia. Kipo kifaa cha kuanzisha mota taratibu, kinachofungwa kwenye kitengo cha nje, ambacho hupunguza ule mshtuko kwa zaidi ya nusu. Bila hicho, atafute inveta ya sola yenye transfoma nzito ndani yake. Inveta hizo ni kubwa, utazijua kwa uzito, na nyingi hubeba mara tatu ya uwezo wake kwa sekunde kadhaa. Inveta nyepesi zilizojaa madukani kwa kawaida hubeba mara mbili tu, tena kwa muda mfupi. Aina yoyote utakayochukua, hakikisha inatoa wimbi safi la umeme. Wimbi la ngazi ngazi huipasha moto mota ya kompresa na kuifupishia maisha, na dalili yake ni mlio wa kuvuma usioisha.

Hata hivyo, mara nyingi lawama huangukia inveta wakati mkosaji ni betri. Betri ya lithiamu ya volti 24 na ampea-saa 100 huwa na ulinzi wa ndani unaoruhusu takriban ampea 100, yaani wati 2,400. Kompresa ya kawaida ikidai zaidi ya hapo, betri hujikata yenyewe na inveta inabaki haina pa kuvuta umeme. Ukiona skrini ya inveta imezimika kabisa badala ya kuonyesha onyo la mzigo kuzidi, shuku betri. Kwa mzigo uleule, mfumo wa volti 48 huvuta nusu ya ampea, na kwa mtu mwenye kiyoyozi ndio ninaoupendekeza.

Dalili nyingine inawapotosha mafundi wengi: kitengo cha nje kinaguruma sekunde chache, kinalia tik, kinanyamaza, kisha kinarudia. Kabla ya kubadilisha inveta, washa kiyoyozi hicho kwa umeme wa TANESCO. Kikiguruma vilevile, kapasita ya kompresa huenda imechoka, na hiyo ni kazi ya fundi wa viyoyozi.

Sasa turudi kwenye duka letu, tuchukulie limefunga kiyoyozi cha inveta, inveta ya sola ya kilowati 3 na paneli nne za wati 550. Kwa karatasi hizo ni wati 2,200. Lakini paneli iliyo juu ya bati la Tanga hupata joto la nyuzi 60 na zaidi, na joto hilo hupunguza umeme wake. Siku ya jua, saa sita mchana zitatoa kama wati 1,700. Saa tatu asubuhi na saa kumi jioni zitatoa kama 900, na saa kumi na moja zimeshuka hadi 500 hivi. Kiyoyozi kitakula kama uniti nne kwa siku nzima ya kazi, ilhali paneli zinaweza kuzalisha nane. Ziada hiyo inaonekana kubwa hadi utakapokumbuka kwamba asubuhi na jioni ndiko kunakopungua, na kwamba kompyuta na printa nazo zinakula.

Kwa nini zisiwe paneli tatu? Inveta nyingi za aina hii huhitaji takriban volti 120 kutoka kwenye paneli ili zianze kuvuna. Paneli tatu za namna hiyo zikiungwa mfululizo huweza kushuka hadi volti 110 zikipata joto, na mfumo ukalala mchana kweupe. Nne huvuka mpaka huo bila wasiwasi. Soma namba hiyo kwenye kijitabu cha inveta kabla ya kununua paneli.

Wapo wanaouza inveta wakisema inafanya kazi bila betri. Ni kweli, mpaka wingu lipite. Wingu moja linaweza kukata robo tatu ya umeme kwa sekunde chache. Inveta inaanguka, kompresa inasimama, na inahitaji kama dakika tatu ili shinikizo la gesi litulie kabla ya kuwaka tena. Siku ya mawingu hilo hurudiwa mara nyingi na linaua kompresa. Betri ndogo ya uniti mbili na nusu inatosha kuziba pengo hilo. Penye TANESCO, chagua SBU kwenye inveta zenye mpangilio huo: jua kwanza, kisha betri, gridi mwisho.

Betri hiyo si ya usiku. Kulala na kiyoyozi kwa saa tisa kunataka uniti nne au zaidi, betri mara mbili, na paneli za ziada za kuijaza mchana huohuo. Kwa duka linalofunga jioni, gharama hiyo haina sababu. Zima na inveta yenyewe unapofunga, maana ikiachwa wazi hula wati 50 hivi usiku kucha.

Kabla hujamlipa fundi salio, mwambie arudi saa kumi jioni. Azime swichi kuu ya TANESCO, awashe taa, kompyuta na printa, kisha kiyoyozi. Akizime, asubiri dakika tatu, akiwashe tena. Kisipowaka mara zote mbili, kazi haijaisha.