2E si kiti

Mama mdogo alinipa simu yake siku moja kabla ya safari. Alikuwa anatoka Nairobi kwenda Montreal kupitia Paris, na bintiye aliyeko huko ndiye aliyemkatia tiketi, kwa Kifaransa. Pasi ya ndege ya pili ikawa na maneno asiyoyajua hata moja. "Mwanangu, kiti changu ni hiki 2E?" akaniuliza.

Hakikuwa kiti. Juu ya 2E paliandikwa Terminal, na kwenye uwanja wa Charles de Gaulle hilo ni jina la jengo la abiria. Kiti kilikuwa chini, 31A, palipoandikwa Place. Kosa lake naliona la haki kabisa, kwa sababu kiti huandikwa hivyo hivyo: namba ya safu kwanza, herufi baadaye. Geti la jengo lile hugeuza mpangilio huo. L24 ni geti namba 24 katika ukumbi wa L, na neno lake ni Porte. Kwa hiyo herufi ikitangulia, fikiria geti. Namba ikitangulia, fikiria kiti, lakini soma neno lililo juu yake kabla hujaamini, maana 2E huvunja kanuni hiyo.

Siku ile penye Porte palikuwa na vistari viwili tu. Akaingiwa na hofu. Geti hupangwa baadaye na laweza kubadilishwa, wala halimo ndani ya ule mraba wa vidoa unaopitishwa kwenye mashine. Ndiyo maana picha ya skrini uliyoipiga jana haitoshi: mraba wake unaweza kusomeka vizuri, na geti likawa limeshahamishwa. Ukifika, litafute kwenye mbao za uwanjani kwa namba ya ndege yako.

Groupe 4 ni zamu ya kuingia ndegeni. Si namba ya safu ya kiti.

Kilichonitia wasiwasi zaidi ni saa. Embarquement 12:45, Départ 13:40. Mama mdogo alisoma ya kwanza kama saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano, akadhani ni jioni. Sisi huhesabu kuanzia macheo, pasi huhesabu kuanzia usiku wa manane. Toa sita: 12:45 ni saa saba kasorobo mchana, na ni saa za Paris, si za Nairobi. Hapo ndipo abiria wanaanza kuingia. 13:40 ndege inaondoka, na mlango hufungwa kabla ya hapo, mara nyingi dakika 15 au 20.

Nilimwandikia kwenye karatasi: "Jengo 2E. Geti, tazama ubao. Uwe getini saa saba kasorobo mchana. Kiti 31A, dirishani." Akaikunja, akaiweka ndani ya pasipoti.