Kupunguza uzito bila kuyaondoa mafuta yote mezani

Anayetaka kupunguza uzito mara nyingi huanza kwa kuacha mafuta, kwa kuwa gramu moja ya mafuta hutoa kalori 9, ilhali gramu moja ya wanga au protini hutoa 4. Hata hivyo, kipo kiwango ambacho haifai kushuka chini yake.

Wataalamu waliokutanishwa na Shirika la Chakula na Kilimo na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008 walikiweka kuwa asilimia 15 ya kalori zote kwa mtu mzima, na asilimia 20 kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa.

Tuchukue mwanamke anayekula kalori 1,500 kwa siku. Asilimia 20 yake ni kalori 300. Ukizigawa kwa 9, hupatikana gramu 33 hivi. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kina takriban gramu 14, yai moja gramu 5, na konzi moja ya karanga gramu 14. Kiwango kimetimia.

Kijiko hicho kitumike kupikia mchicha, maana vitamini A, D, E na K hufyonzwa pamoja na mafuta ya mlo. Mboga iliyochemshwa kwa maji matupu hunufaisha kidogo.

Homoni za uzazi nazo hushuka chakula kikipungua mno. Hedhi ikikosekana kwa miezi mitatu, huenda kalori zenyewe hazitoshi. Kuongeza mafuta pekee hakutasaidia, na yafaa kumwona daktari.