Tangi la Lita 50,000 Limetoka Wapi?

Chukua ripoti ya kubuni mradi wa maji kwa kijiji cha watu 2,000 nchini Tanzania. Chini ya kichwa "Mahitaji na mipaka" mhandisi ameandika: "Mradi unahitaji tangi la lita 50,000 juu ya mnara wa mita 6, pampu ya sola na vituo vinane vya kuchotea maji." Hakuna hitaji hata moja hapo. Ni vifaa vitupu, na anayeidhinisha fedha hawezi kujua kwa nini tangi lisiwe la lita 30,000.

Kuiandika upya huanza kwa kuuliza kila kifaa kimeletwa na nini. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka kila mkazi wa kijijini apate lita 25 kwa siku, asitembee zaidi ya mita 400 kuyafuata, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Haya yanapewa namba: H1, H2 na H3. Watu 2,000 mara lita 25 ni lita 50,000 kwa siku, na 2,000 ukigawa kwa 250 ni vituo vinane. Namba zimepata asili yake.

Tangi bado lina swali. Pampu hujaza huku watu wakichota, kwa hiyo si lazima libebe maji ya siku nzima. Mhandisi akihojiwa, anaeleza kwamba hataki maji yakatike siku ya mawingu mazito. Basi hilo liandikwe kama H4: kijiji kipate maji siku moja hata pampu isipofanya kazi.

Mipaka huorodheshwa peke yake, kwa sababu mbunifu hana uwezo wa kuibadili. Tuseme upimaji umeonyesha kuwa kisima kinatoa lita 9,000 kwa saa bila kuzidiwa (M1), na jua la kutegemewa ni saa 6 kwa siku (M2). Uwezo ni lita 54,000. Zinatosha.

Kisha jedwali linasomwa pande zote mbili. Mnara wa mita 6 hauna hitaji linaoushikilia, maana hakuna aliyeandika maji yafike bomba la mbali kwa msukumo gani. Na H2 haina jibu, kwani ripoti haina ramani ya kuonyesha umbali wa kila kaya hadi kituo.

Kasoro kubwa zaidi inajitokeza pale swali la miaka ya mradi linapoulizwa. Ikiwa kijiji kitakuwa na watu 2,600 kabla mradi haujamaliza muda wake, H1 inapanda hadi lita 65,000, zaidi ya zile 54,000. Pampu kubwa haisaidii, M1 inaikataa. Kinachobaki ni kuchimba kisima cha pili, au kuongeza jenereta ili pampu ifanye kazi kwa saa 7 na robo hivi. Uamuzi huo, pamoja na gharama zake, sasa uko mbele ya kijiji kabla ya bomba la kwanza kununuliwa.