Nishati Iliyomo Katika Maji ya Tangi la Paani na Umeme Unaohitajika Kulijaza

Ikisiri

Makala haya yanaeleza uhusiano kati ya nishati inayohifadhiwa na maji yaliyopandishwa paani na umeme unaotumiwa na pampu kuyafikisha huko. Kwa kutumia mfano wa jengo la ghorofa nne, inaonyeshwa kwamba takribani robo tu ya umeme ndiyo inayobaki ndani ya tangi, na kwamba thamani ya tangi kwa mpango wa umeme haitokani na kiasi hicho.

Nishati ya maji yaliyo juu

Maji yaliyopandishwa huwa na nishati tuli, nayo hupatikana kwa kuzidisha uzito wa maji kwa kimo: E = m × g × h. Tuchukulie tangi la lita 5,000 lililojazwa kutoka tangi la chini, kimo kati ya matangi hayo mawili kikiwa mita 15. Kilo 5,000 zikizidishwa kwa 9.81 na kwa 15, hupatikana jouli 735,750, sawa na kilowati-saa 0.20. Kiasi hiki ni kidogo kuliko inavyodhaniwa. Betri moja ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba kilowati-saa 1.2, yaani mara sita ya tangi hilo zima lenye uzito wa tani tano.

Umeme unaolipiwa

Pampu hailipi kimo peke yake. Maji yanapopita katika bomba, kona na vali, msuguano huyazuia, na kizuizi hicho huhesabiwa kana kwamba ni kimo cha ziada. Katika mfano huu kichukuliwe kuwa mita 5, hivyo pampu inafanya kazi ya mita 20. Kazi hiyo kwa lita 5,000 ni kilowati-saa 0.27. Aidha, mota na pampu ndogo za majumbani, zikichukuliwa kwa pamoja, hupoteza sehemu kubwa ya umeme kama joto na mvurugiko wa maji. Ufanisi wa asilimia 35 si jambo la ajabu kwake. Kwa ufanisi huo, umeme unaohitajika ni kilowati-saa 0.78. Pampu inayovuta kilowati 1.1 itahitaji dakika 42 au 43 kulijaza tangi.

Kipenyo cha bomba ndicho mahali ambapo hasara hutengenezwa bila kuonekana. Kwa mtiririko uleule, msuguano huongezeka takribani kwa kadiri ya kipeo cha tano cha upungufu wa kipenyo. Fundi anayeweka bomba la ndani milimita 25 badala ya 40 ili kupunguza gharama ya ujenzi, huuongeza msuguano wa bomba takribani mara kumi. Pampu ikishindwa kuumudu, hutoa maji machache kwa muda mrefu zaidi, na kila lita hugharimu umeme mwingi zaidi.

Namna ya kutambua upotevu

Kipimo chepesi ni kusoma mita ya umeme kabla na baada ya kujaza, vifaa vingine vikiwa vimezimwa, kisha kugawa umeme huo kwa ujazo wa maji. Katika mfano huu jibu ni kilowati-saa 0.16 kwa kila mita ya ujazo, ilhali kimo pekee kingedai 0.04. Jibu likizidi kupanda mwezi hadi mwezi na muda wa kujaza ukirefuka, chujio limeziba au panga za pampu zimelika. Muda ukiwa ni uleule lakini pampu ikawaka usiku mabomba yote yakiwa yamefungwa, kuna uvujaji, au vali ya kuzuia maji yasirudi imechoka na maji yanashuka kwenye tangi la chini. Maji yakimwagika paani, boya halikati umeme kwa wakati.

Maana yake kwa sera

Kuyarudisha maji hayo chini kupitia turbini ndogo ili kupata umeme hakufai: hata turbini ikiwa na ufanisi wa asilimia 50, kingepatikana kilowati-saa 0.10 tu kati ya 0.78 zilizotumika. Tangi halihifadhi umeme wa kurudishwa. Huhifadhi kazi iliyokwisha kufanywa. Likijazwa adhuhuri, paneli za jua zinapozalisha kwa wingi, wakazi hufungua mabomba jioni bila pampu kuwaka, na kilowati 1.1 huondolewa kwenye saa za mahitaji makubwa. Manufaa hayo yana mpaka: tangi lazima litoshe matumizi ya tangu adhuhuri hadi siku ya pili, la sivyo pampu itawaka jioni kama kawaida. Kwa hiyo kanuni za majengo zitafaa zaidi zikidhibiti mambo matatu kwa pamoja: ukubwa wa tangi, saa za kusukuma, na umeme kwa kila mita ya ujazo inayopandishwa. Nguvu ya mota iliyoandikwa kwenye kibati haielezi lolote kati ya hayo.