Kovu la Ubongo Si Adui

Mwaka 2005 watafiti walilikwangua fuvu la panya aliye hai mpaka likapitisha mwanga, wakauchungulia ubongo kwa darubini, kisha wakauchoma kijisehemu kidogo mno kwa leza. Seli ziitwazo maikroglia, ambazo ndizo walinzi wa ubongo, hazikuhama zilipokuwa. Zilinyoosha matawi yao membamba kuelekea kwenye jeraha, na kwa muda wa nusu saa hivi yakawa yamelizingira pande zote.

Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Hapa mbiu ilikuwa ATP, kemikali ambayo seli huitumia kwa nishati. Ikimwagika nje, ni dalili kwamba kuna seli iliyopasuka. Inaelekea astrosaiti za jirani ndizo huipokea mbiu hiyo na kuipaza.

Astrosaiti ni seli zenye umbo la nyota. Ncha zake huzikumbatia sinapsi, yaani maungio ambako seli moja ya neva hupitishia ujumbe kwa nyingine. Ujumbe mwingi hubebwa na glutamati, na ukishafika, astrosaiti huifyonza glutamati iliyobaki, huigeuza kuwa glutamini na kuirudishia seli ya neva iitumie upya. Mtu akipata kiharusi, damu haifiki na astrosaiti hukosa nguvu za kufyonza. Glutamati hufurika, kalsiamu huingia kupita kiasi ndani ya seli za neva, nazo hufa.

Maikroglia huja kula mabaki ya seli hizo. Kazi hiyo ni ya lazima, lakini zikiendelea kuwaka kwa muda mrefu huleta madhara. Mwaka 2017 maabara ya Ben Barres, Chuo Kikuu cha Stanford, ilionyesha kwamba maikroglia zilizochochewa hutoa kemikali tatu zinazozibadili astrosaiti tabia. Astrosaiti hizo huacha kuzitunza sinapsi, na hutoa sumu inayoua seli za neva. Kemikali hizo zilipozuiwa katika panya waliobanwa neva ya jicho, seli za neva za jicho zilinusurika.

Je, basi tuzizime astrosaiti zote zinazoamka baada ya jeraha? Hasha. Baada ya siku kadhaa, astrosaiti nyingine husongamana kuzunguka jeraha na kujenga kovu. Kwa miaka mingi kovu hilo lililaumiwa kwamba huzuia nyuzi za neva kuota tena. Lakini watafiti walipoziondoa astrosaiti hizo katika panya walioumizwa uti wa mgongo, seli za uvimbe zilisambaa, seli nyingi zaidi zilikufa na wanyama wakapungukiwa zaidi na uwezo wa kutembea.

Kovu, basi, ni ukuta unaozuia moto usivuke kwenda nyumba ya jirani. Haliwezi kuijenga upya nyumba iliyoungua, kwa kuwa seli za neva zilizokufa hazirudi. Linachookoa ni zile zilizo nje ya ukuta.