Hewa Ukaa Ikizidi, Figo Huanza Kazi ya Siku Nne

Chukua wagonjwa wawili waliolazwa wodi moja usiku mmoja. Wa kwanza ni kijana wa miaka 24 mwenye pumu. Kifua kilianza kumbana jioni, na sasa amechoka kiasi kwamba hata kuhema kunamshinda. Wa pili ni mama wa miaka 62 ambaye tangu usichana wake amepikia kuni kwenye jiko lisilo na dohani, na mapafu yake yamekuwa yakiharibika kidogo kidogo kwa miaka mingi. Wote wawili wanachomwa sindano kwenye kifundo cha mkono, si kwenye vena kama ilivyozoeleka, bali kwenye ateri, na damu inaingizwa kwenye mashine ya kupima gesi.

Kwa upande wa hewa ukaa majibu yanalingana: milimita 60 za zebaki kwa kila mmoja, wakati kawaida ni kama 40. Mapafu ya wote wawili yameshindwa kuitoa hewa chafu. Lakini ukitazama pH, kijana ana 7.26 na mama ana 7.35. Damu yenye afya hukaa kati ya 7.35 na 7.45, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi. Kwa hiyo kijana yuko hatarini, na mama, pamoja na hewa ukaa yote hiyo, yuko ukingoni mwa kawaida na huenda ameketi kitandani anaulizia uji.

Kinachowatofautisha ni namba ya tatu, bikaboneti. Hewa ukaa ikiyeyuka kwenye maji ya damu huzaa asidi, na bikaboneti ndiyo inayoituliza. pH haifuati moja kati ya hizi peke yake, hufuata uwiano wa zote mbili. Mtu mzima mwenye afya ana bikaboneti milimoli 24 hivi katika kila lita. Kijana ana 26, mama ana 32. Zile mbili alizoongeza kijana zimetoka ndani ya damu yenyewe, hasa kwa kazi ya himoglobini, ambayo hudaka sehemu ya asidi papo hapo. Zile sita ambazo mama anamzidi kijana zimetengenezwa na figo, na figo hazikuzitengeneza usiku huu.

Kwa nini kijana hawezi kuzipata haraka? Mapafu mazima yanapokutana na asidi iliyotoka kwingine, hujibu ndani ya dakika. Mgonjwa wa kisukari aliyeishiwa insulini hujaa asidi mwilini, na utamwona anavuta pumzi ndefu na za haraka mpaka jamaa zake wanadhani amepata pumu. Vihisi vilivyo kwenye shina la ubongo na kandokando ya mishipa mikubwa ya shingo vimeisoma damu na kuamuru misuli ya kifua iongeze kasi. Jibu hilo hukamilika baada ya saa kadhaa, wakati mwingine siku nzima, lakini sehemu kubwa hupatikana mapema, kwa sababu hakuna kifaa kipya kinachohitajika. Misuli ipo, njia ya hewa ipo, na hewa ukaa ni gesi inayopenya kuta za mapafu bila kubebwa na chochote.

Tena ni nyingi mno. Mtu aliyetulia hutoa hewa ukaa kama mililita 200 kwa dakika, sawa na milimoli 9 hivi. Kwa siku nzima ni karibu milimoli 13,000. Figo, kwa upande wake, hutoa asidi kama milimoli moja kwa kila kilo ya uzito kwa siku, yaani 60 kwa mama yetu tukisema ana kilo 60. Kazi ambayo figo huifanya kutwa kucha, mapafu huimaliza ndani ya dakika saba. Lakini mapafu yenyewe yanapokuwa ndiyo mgonjwa, mlango huo mpana ndio uliojifunga, na mzigo unahamia kwenye huu mwembamba.

Tufanye hesabu ya mama huyu tangu siku ile hewa ukaa yake ilipopanda hadi 60 na kubaki hapo. (Kwa kweli ilipanda polepole kwa miezi na miaka, lakini hesabu ni ileile.) Bikaboneti husambaa katika eneo la mwili linalokaribia nusu ya uzito, kwa hiyo kwake ni kama lita 30. Kuipandisha kutoka 26 hadi 32 ni kuongeza milimoli sita kwa kila lita, na sita mara thelathini ni 180. Figo zake zinatakiwa kutengeneza milimoli 180 mpya juu ya zile 60 za kila siku, ambazo zote tayari zinatumika kufuta asidi inayotokana na chakula. Zikiweza kuongeza wastani wa 50 kwa siku, kazi itachukua siku tatu na nusu au nne.

Je, kwa nini zisiongeze 180 kwa siku moja? Hapa ndipo penye uzito wa jambo lenyewe.

Figo hutengeneza bikaboneti mpya kwa kutupa asidi kwenye mkojo. Kila chembe ya hidrojeni inayotoka huacha nyuma bikaboneti moja inayorudi kwenye damu. Shida ni kwamba mkojo hauwezi kuwa mkali bila kikomo. Figo za binadamu huishia pH ya 4.5 hivi, na mkojo wa ukali huo hubeba hidrojeni iliyo huru kiasi cha milimoli 0.03 tu kwa lita. Lita moja na nusu ya mkojo mkali kuliko wote isingetoa hata sehemu moja ya kumi ya milimoli. Hidrojeni ni kama abiria asiyeweza kufika mjini bila daladala. Hata wakijaa stendi, wanaoondoka ni wale waliopata gari.

Vibebaji ni viwili vikuu. Kimoja ni fosfati, ambayo hutokana zaidi na chakula, na mwili hauna namna ya kuiongeza kwa wingi eti kwa sababu damu ina asidi. Kingine ni amonia, na hii figo huitengeneza zenyewe. Seli za mwanzo wa vijifereji vya figo huchukua glutamini, moja ya amino asidi zilizomo kwenye damu, na kuivunja. Kila ikivunjwa hutoa amonia inayopelekwa kwenye mkojo na bikaboneti inayorudishwa kwenye damu.

Kwa hiyo figo ikitaka kutoa asidi zaidi ni lazima ivunje glutamini zaidi, na kuvunja glutamini zaidi kunahitaji vimeng'enya vingi kuliko vilivyopo. Vinahitajika pia vipitishio vya kuingiza glutamini kwenye seli na pampu za kusukuma hidrojeni kwenye mkojo. Zote hizo ni protini. Seli inabidi isome upya jeni zake, iunganishe protini mpya na kuzipeleka mahali pake, na kiwango cha protini hizo hupanda kwa saa nyingi na siku, si kwa dakika. Saa za kwanza figo hufanya kwa vilivyopo: pampu zilizokuwa akiba ndani ya seli husogezwa juu na mkojo huanza kuwa mkali. Ongezeko kubwa la amonia huja kesho yake na keshokutwa, na kufikia siku ya tatu hadi ya tano kazi imefika kileleni.

Kuna jukumu jingine linaloendelea sambamba. Kila siku figo huchuja zaidi ya lita mia moja za maji ya damu, pamoja na bikaboneti yote iliyomo, kisha huirudisha karibu yote. Bikaboneti ikipanda hadi 32, kinachochujwa kinaongezeka, na vijifereji visipoongeza uwezo wa kukirudisha, kile kilichotengenezwa kwa taabu kitamwagika chooni. Hewa ukaa iliyozidi ndiyo inayovichochea viendelee kurudisha. Na kwa kuwa amonia hutoka kwenye mkojo ikiandamana na kloridi, mgonjwa wa namna hii huwa na bikaboneti ya juu na kloridi ya chini. Tuikumbuke hiyo kloridi.

Bikaboneti ikisomwa peke yake hupotosha. Mwaka 1952, mji wa Copenhagen ulipokumbwa na polio, madaktari wa hospitali ya Blegdam walipima jumla ya hewa ukaa na bikaboneti katika damu ya wagonjwa waliopooza misuli ya kupumua, wakaikuta juu, wakadhani damu imepungukiwa asidi. Mtaalamu wa nusukaputi, Bjørn Ibsen, akasema la, wagonjwa hawa hawapumui vya kutosha na hewa ukaa inawalundikia. pH ilipopimwa ikaonyesha asidi, naye akaonyesha kwa msichana mmoja mwezi Agosti kwamba kupuliza hewa kwa mkono kupitia tundu la koo kulirekebisha hali. Baada ya hapo wanafunzi wa udaktari walipokezana zamu kuwapuliza wagonjwa hewa kwa mikono. Hata leo, hospitali isiyo na mashine ya gesi hupata bikaboneti kwenye kipimo cha chumvi za damu. Ikiwa juu, inaweza kuwa ni mapafu ya muda mrefu, inaweza kuwa ni kutapika kwa siku mbili, na tiba zake hazifanani.

Uzito huu wa figo una sura ya pili, nayo ndiyo inayowapata wagonjwa kama mama yule. Tuseme anapata nimonia, hewa ukaa inapanda hadi 80, pH inashuka hadi 7.25, na anawekwa kwenye mashine ya kupumulia. Aliye zamu anaona 80, anakumbuka kawaida ni 40, anaongeza kasi ya mashine. Ndani ya saa moja hewa ukaa ni 40 kweli. Lakini bikaboneti ya figo haikuondoka na hewa. Bado ni 30 au zaidi, na pH inaruka hadi 7.50 na kuendelea. Sasa damu imepungukiwa asidi kuliko inavyostahili: kalsiamu iliyo huru hupungua, potasiamu hukimbilia ndani ya seli, mishipa ya ubongo hubana. Mgonjwa anaweza kupata degedege, au moyo ukapiga ovyo, huku jibu la hewa ukaa likionekana zuri kabisa kwenye karatasi.

Ndiyo maana wazoefu hawaifukuzii 40 kwa mgonjwa wa aina hii. Huangalia pH, na huirudisha hewa ukaa polepole karibu na ile aliyoizoea, yaani 60 kwa mama yetu. Figo zitaimwaga bikaboneti iliyozidi, ila zinahitaji siku kadhaa na zinahitaji kloridi, kwa sababu sehemu ya vijifereji inayotoa bikaboneti kwenye mkojo huingiza kloridi badala yake. Mgonjwa aliyepewa dawa za kukojosha maji kwa wiki nzima kwa sababu miguu ilivimba huwa ameimaliza kloridi hiyo, na bikaboneti hubaki juu hata mapafu yakitulia. Mara nyingi kinachoifungulia njia ni dripu ya maji ya chumvi ya kawaida pamoja na kloridi ya potasiamu, mradi moyo uweze kuyahimili maji hayo.